Nikikosa kufika, nani aambiwe kwa sauti na nani kwa maandishi?

Kwa kuwa kazi yangu ni kuwaandaa walimu, na siku za mwisho wa juma nafundisha katekisimu, simu yangu hupokea habari za watu wasiofika karibu kila siku. Mmoja ana malaria, mwingine amefiwa, wa tatu amekwama njiani kwa mvua. Habari hizo ni za kweli mara nyingi. Taabu iko mahali pengine: zinafika kwa njia isiyofaa, au zinamfikia mtu asiyehusika, au zinafika saa ambayo hakuna awezaye kufanya neno.

Nimesikia kanuni mbili juu ya jambo hili. Vijana wengi husema: mkubwa anatisha, basi heri kumwandikia ujumbe mfupi kuliko kusikia sauti yake. Wazee wetu husema kinyume: mkubwa haandikiwi vijineno vya simu kama rafiki, apigiwe, asikie sauti ya mtu mwenye adabu. Kanuni hizi zinagombana, lakini zote mbili zinapima kitu kimoja, yaani ukubwa wa mtu. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Kabla ya kushika simu, jiulize: huyu ninayemwarifu, akisha kusikia, atapaswa kufanya nini, na kabla ya saa ngapi?

Kuna mkubwa mwenye jukumu la saa. Ni shefu wa timu kazini, mwalimu mwenye darasa, au kiongozi wa liturujia anayemtafuta msomaji wa somo la kwanza. Huyo anatakiwa kujaza nafasi yako sasa hivi. Kuna mkubwa mwenye jukumu la watu, kama prefe wa masomo au paroko: si lazima yeye mwenyewe ajaze nafasi, lakini akiulizwa, asionekane kuwa hajui. Na kuna mkubwa mwenye jukumu la faili: ofisi ya staji ya chuo, ofisi ya wafanyakazi ya kompani. Huyo hakujui kwa uso. Anajua jina, tarehe na karatasi, naye atakuamulia baada ya wiki tatu kwa kusoma kilichomo katika faili na si kingine. Wa kwanza anahitaji sauti. Wa tatu anahitaji maandishi yanayohifadhika. Wa katikati mara nyingi anahitaji vyote viwili, na hapo ndipo watu hukosea.

Naomba nieleze habari ya ndugu wawili wa nyumba moja hapa Lubumbashi, maana ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Dada alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu, katika staji ya kufundisha hisabati darasa la tatu la sekondari. Kaka yake alifanya kazi katika ghala la kompani moja, zamu ya asubuhi. Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu tarehe 12, saa tisa usiku, simu ikalia kutoka Likasi: babu yao, baba mzazi wa mama yao, amefariki. Likasi ni mwendo wa kilomita kama 120. Kilio kilikuwa kinawangoja, na basi la kwanza lilikuwa linaondoka alfajiri.

Kaka alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, dada saa moja na nusu. Jambo la kwanza walilofanya vizuri ni kutompigia mtu yeyote saa hiyo ya tisa. Msiba wako unakuamsha wewe. Shefu wako hawezi kufanya lolote gizani ila kukasirika. Kaka alingoja hadi saa kumi na moja kasoro robo, saa ambayo shefu wa timu huwa ameamka kujitayarisha, akapiga. Mazungumzo yalikuwa ya nusu dakika. Alisema jina lake, akasema babu yake mzazi amefariki Likasi, hatakuwapo leo wala kesho, na ufunguo wa ghala namba mbili uko kwa mlinzi wa lango. Shefu akasema pole, akauliza neno moja tu: nani anajua orodha ya mizigo ya leo? Akajibiwa. Basi.

Angalieni neno hilo la ufunguo. Simu ya sauti ina faida moja ambayo maandishi hayana: anayesikia anaweza kuuliza papo hapo. Kama kaka angeandika ujumbe, shefu angeusoma, angejiuliza habari za ufunguo, angepiga simu, na kaka angekuwa kwenye basi porini mahali pasipo neti. Kwa mtu mwenye jukumu la saa, habari ya kutokuwapo kwako ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kile ulichokishika wewe ambacho wengine wanakihitaji. Kipange kichwani kabla ya kupiga. Ugonjwa wako hauna haja ya kusimuliwa tangu mwanzo wake. Ufunguo una haja.

Dada naye alimpigia kwanza mwalimu mwenye darasa, yule aliyekabidhiwa kumwongoza katika staji, saa kumi na moja na nusu. Akamwambia kwamba fishi za matayarisho za somo la leo ziko katika daftari la buluu, ndani ya kabati la chumba cha walimu, na kwamba darasa limefikia zoezi la nne. Mwalimu akakubali kushika darasa. Kwa hiyo watoto walikuwa salama. Wengi wangeishia hapo. Lakini yeye alijua kwamba mwalimu yule si mkuu wa shule. Prefe angepita barazani saa moja na nusu, angeona mwanafunzi wa staji hayupo, na angeandika alichokiona.

Saa kumi na mbili na robo akampigia prefe. Simu ililia, haikujibiwa. Akangoja dakika kumi, akapiga mara ya pili, haikujibiwa. Hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo adabu inapopotea. Kijana mmoja atapiga mara saba mfululizo, kana kwamba nyumba inaungua. Mwingine atapiga bipu moja na kukata, ili prefe atumie yuniti zake mwenyewe kumrudia. Bipu kwa rafiki ni mchezo wetu wa siku zote. Bipu kwa mkubwa unayemwomba ruhusa ni kumwambia alipe gharama ya shida yako. Mara mbili zinatosha. Huenda mtu yuko juu ya pikipiki, au yuko Misani, au simu iko katika moto chumbani. Baada ya mara mbili, andika.

Dada aliandika hivi. Naweka mahali pa jina lake maneno mengine:

«Habari Bwana Prefe. Ni (jina kamili), staji, hisabati darasa la 3. Babu yangu mzazi amefariki. Sitafundisha Jumatatu 12 na Jumanne 13. Nitapiga 7:00.»

Kila kitu katika ujumbe huo kina sababu yake. Jina kamili lipo kwa kuwa namba yako huenda haimo katika simu ya mkuu, au unaandikia kwa simu ya mjomba. Nimepokea ujumbe mwingi unaosema «Mwalimu, leo sitakuja, naumwa» kutoka namba nisiyoijua, nikabaki kutazama wanafunzi arobaini na kuwaza ni nani aumwaye.

Tarehe zipo kwa sababu nyingine. Ujumbe mfupi hauruki moja kwa moja toka simu yako hadi simu ya mwenzako. Unakwenda kwanza katika kituo cha kampuni ya simu, na kama simu ya mpokeaji imezimika, unangojea huko mpaka iwake. Mnajua jinsi umeme unavyotutenda katika mitaa yetu: simu inaweza kulala imezimika usiku kucha na nusu ya siku inayofuata. Ujumbe ulioandikwa «leo sitakuja» ukisomwa Jumanne asubuhi unasema uongo, ijapokuwa aliyeuandika alisema kweli. «Jumatatu 12» inabaki kweli siku zote. Tena, kuona kwamba ujumbe umetumwa ni kujua tu kwamba umetoka mikononi mwako. Simu nyingi zina ripoti ya kufika, mkiifungua katika mipangilio, na hiyo itawaambia kwamba ujumbe umeingia katika simu ya mwenzenu. Kama ameusoma, hata hiyo haijui.

Saa nayo aliiandika kwa tarakimu, 7:00. Kwa mdomo tunasema saa moja na kila mtu anaelewa. Lakini katika maandishi ukiweka «saa 1», yule aliyezoea hesabu ya Kifaransa atakungoja mchana, baada ya chakula. Katika ujumbe na barua, fuata saa ya ukutani.

Na urefu. Ujumbe ule una herufi karibu 150 pamoja na nafasi. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, ila kuna mtego ambao watu wetu wengi hawaujui, nao unatupata sisi hasa tunaowaandikia wakubwa kwa Kifaransa. Orodha ya kawaida ya herufi za ujumbe mfupi ina baadhi ya herufi zenye alama, kama e yenye mkwaju juu yake. Haina e yenye kofia. Ukiiweka hiyo herufi moja tu, na neno la Kifaransa la kusema «nimezuiwa» linayo, simu nyingi zinabadili namna ya kuandika ujumbe wote, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakatwa vipande vitatu. Unalipa mara tatu. Na kama yuniti zilikuwa za ujumbe mmoja, hauendi kabisa. Kwa simu za zamani vipande huweza kufika kimoja kimoja, na mkuu akasoma mwisho kabla ya mwanzo. Kiswahili chetu hakina kofia. Mkiandika Kifaransa, andikeni e tupu. Hakuna prefe atakayewakasirikia kwa kofia iliyokosekana katika simu.

Mtaniuliza kuhusu ujumbe wa sauti, ule wa kurekodi na kutuma. Kwa mama yako, vema. Kwa prefe aliyesimama mbele ya shule nzima wakati wa kupandisha bendera, dakika tatu za sauti yako haziwezi kusikilizwa, wala haziwezi kuwekwa katika faili. Mimi naziacha bila kuzisikiliza hadi jioni, nakiri, na nadhani siko peke yangu.

Saa moja kamili dada akapiga, kama alivyoahidi. Prefe akajibu.

«Habari za kuamka, Bwana Prefe. Samahani kwa usumbufu. Ni mimi niliyewaandikia, mwanafunzi wa staji wa hisabati.»

«Nimeona, binti yangu. Pole sana kwa msiba. Na darasa?»

«Mwalimu mwenye darasa amekubali kulishika, Bwana Prefe. Fishi anazo. Ninaomba ruhusa ya leo na kesho, Jumatano nitakuwapo.»

«Nenda ukazike. Lakini uniletee karatasi.»

Neno «ninaomba» halikuwa pambo. Katika ujumbe alikuwa amearifu, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kusema kwa herufi 150; kwa sauti aliomba. Mkuu wa shule ana haki ya kusema ndiyo au hapana, na haki hiyo haipati nafasi ndani ya ujumbe mfupi. Ndiyo maana wazee wetu huona ujumbe mtupu kuwa dharau, na kwa hilo nasimama pamoja nao. Ujumbe uwe hatua ya kushika mahali mpaka sauti ifike.

Lakini wazee wanaoishia kwenye sauti nao wanawaacha watoto wao hatarini. Miaka kadhaa iliyopita nilimfahamu kijana katika staji aliyeugua, akampigia prefe wa shule moja, akapewa ruhusa ya siku tatu kwa maneno mazuri. Wiki mbili baadaye prefe yule alihamishwa. Aliyemfuata alifungua daftari, akakuta siku tatu hazina sababu, akaziandika hivyo katika ripoti ya staji. Kijana alikuwa na orodha ya simu alizopiga: saa, tarehe, dakika mbili na sekunde kumi. Orodha inaonyesha kwamba watu wawili walizungumza. Haionyeshi walizungumza nini. Staji yake ilirudiwa mwaka uliofuata, na yule aliyempa ruhusa hakuwa mtu mbaya. Sauti ilikuwa imehama pamoja naye.

Kwa hiyo tuje kwenye imeli, na kwa mkubwa wa tatu, mwenye faili. Ofisi ya staji ya chuo haina cha kufanya saa moja na nusu asubuhi. Kuipigia simu alfajiri ni kupoteza yuniti. Atakayejibu ni sekretere, naye atakwambia uandike. Dada aliandika jioni ya Jumatatu, akiwa Likasi, baada ya kutulia. Alimwandikia mkuu wa ofisi ya staji, na katika mstari wa `Cc` akaweka anwani ya shule na ya mwalimu wa chuo anayemsimamia. Mstari huo ni wa maana kwetu. Utaratibu wetu wa ofisi tangu zamani unataka barua ipite kwa mkubwa wa karibu kabla ya kufika kwa mkubwa wa mbali, na asiyefuata njia hiyo anaonekana kumruka mtu. `Cc` inaonyesha wazi kwamba hukumruka. Mstari wa `Cci`, unaowaficha waliopewa nakala, msiutumie katika jambo la namna hii. Siku moja aliyefichwa atajibu wote, na mtaonekana wajanja.

Katika `Objet` hakuandika «Habari» wala «Dharura». Aliandika: kutokuwapo stajini, tarehe 12 na 13, kisha jina lake kamili, somo na mwaka wa masomo. Atakayeitafuta barua hiyo mwezi ujao ataitafuta kwa jina na tarehe, na sanduku la ofisi lina mamia ya barua zinazoitwa «Habari». Barua yenyewe ilikuwa ya sentensi tano kwa Kifaransa cha ofisi. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

«Bwana Mkuu wa Ofisi, kwa heshima nawaarifu kwamba sikufika katika shule yangu ya staji Jumatatu tarehe 12, na sitafika Jumanne tarehe 13, kwa sababu ya kifo cha babu yangu, baba mzazi wa mama yangu, kilichotokea Likasi. Prefe wa masomo amenipa ruhusa kwa simu Jumatatu saa 7:00, na mwalimu mwenye darasa amekubali kushika masomo yangu. Nitarudi kazini Jumatano tarehe 14. Nitaleta uthibitisho wa kifo siku hiyo hiyo. Naomba kutokuwapo huku kuhesabiwe kuwa na sababu.»

Sentensi ya pili ndiyo moyo wa barua. Imechukua maneno yaliyosemwa kwa sauti, ambayo yangepotea, na kuyaweka mahali yanaposomeka pamoja na saa yake. Na kwa kuwa shule ilikuwa katika `Cc`, prefe angeweza kukanusha kama si kweli. Asipokanusha, ruhusa yake sasa ina ushahidi, hata akihamishwa kesho.

Alibonyeza kutuma, lakini neti ya Likasi ilikuwa dhaifu jioni ile. Imeli isiyopata neti haikuambii kwa sauti kubwa kwamba imeshindwa. Inakaa kimya katika `Boîte d'envoi` ya simu yako. Tazameni kila mara katika `Messages envoyés`. Kama haimo humo, haijaondoka. Na baada ya nusu saa tazameni tena sanduku la kupokelea: barua kutoka `Mail Delivery Subsystem` mara nyingi maana yake ni kwamba anwani ina kosa, na mwenye anwani hiyo hakupokea. Barua ya dada ilikwama kwa sababu alikuwa ameambatisha picha ya tangazo la msiba, picha nzito kama simu za sasa zinavyopiga. Akaitoa, barua ikaenda. Uthibitisho unaweza kufuata, barua haingoji.

Sasa nirudi kwa kaka, maana kwake kulikuwa na mtego wa namna nyingine, nao hauhusu simu bali lugha yetu. Ofisi ya wafanyakazi ya kompani yake inafuata Sheria ya Kazi ya 2002. Sheria hiyo inatoa siku za kazi nne kwa mfanyakazi aliyefiwa na mke au mume, au na ndugu wa ngazi ya kwanza, kama baba, mama au mtoto. Na siku mbili kwa ndugu wa ngazi ya pili, kama babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Hapo inaishia. Baba mdogo hayumo. Mjomba hayumo. Kaka wa babu, ambaye kwetu naye ni babu kabisa, hayumo.

Mnaona hatari. Kwetu baba mdogo ni baba. Tunamwita hivyo tangu utoto, na anapokufa tunasema «baba amefariki», wala hatudanganyi. Lakini neno hilo likiandikwa katika imeli ya ofisi linageuka kuwa dai la siku nne. Ukisema kwa sauti, anayesikia anaweza kuuliza, «Baba mzazi au mdogo?», na mambo yananyooka. Ukiandika, hakuna wa kuuliza. Linaingia katika faili, na siku uthibitisho wa kifo unapoletwa wenye jina lisilolingana na lile la baba yako, wewe ni mwongo katika karatasi. Kadiri njia inavyohifadhi maneno, ndivyo undugu unavyotakiwa kutajwa kwa usahihi. Ndiyo sababu dada na kaka waliandika «baba mzazi wa mama», hata kama kwa masikio yetu inasikika kama kumtenga marehemu.

Na kama aliyekufa ni baba mdogo? Andikeni baba mdogo, tena mwombe, msidai: ombeni siku mbili za ruhusa, au zikatwe katika likizo yenu ya mwaka. Nimeona maombi ya namna hiyo yakikubaliwa. Mkuu wa ofisi naye ana baba wadogo.

Kaka basi alituma imeli yake kwa ofisi ya wafanyakazi Jumatatu hiyo hiyo, nakala kwa shefu wa timu aliyempigia alfajiri, akaomba siku mbili kwa kutaja ngazi ya undugu. Alipigiwa na karani mchana kuulizwa namba yake ya kazi, ambayo alikuwa amesahau kuiweka. Jambo dogo, lakini kwa kompani yenye watu mia kadhaa, majina yanafanana, namba hazifanani.

Juu ya parokia nina machache, kwa kuwa jukumu ni lilelile. Kama umepangwa kusoma somo Dominika na hutafika, mwenye jukumu la saa ni kiongozi wa liturujia. Mpigie yeye, Jumamosi jioni na si asubuhi wakati wa kengele. Paroko anatosha kupewa ujumbe mfupi wenye jina na tarehe, na jina la atakayesoma badala yako. Padri anayevaa kwa ajili ya Misa hajibu simu, wala hapaswi kujibu. Imeli kwa jambo hilo ni mzigo mtupu. Lakini kama wewe ni mweka hazina wa shirika na hutafika siku ya kukabidhi hesabu, hapo maandishi yanahitajika hata kati ya ndugu, kwa sababu kutokuwapo siku ya hesabu kunazaa maneno.

Jumatano tarehe 14 dada alifika shuleni saa moja asubuhi, kabla ya wanafunzi. Alikuwa na nakala mbili za barua yake zilizochapwa, pamoja na uthibitisho wa kifo kutoka hospitali. Moja aliiacha kwa sekretere. Ya pili ikapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, akarudi nayo. Mwenzake mmoja alimcheka: imeli si imekwisha fika? Ilikuwa imefika, ndiyo. Lakini ofisi ile hufungua sanduku lake la imeli siku ambazo kuna umeme na kuna mtu anayekumbuka neno la siri, na ripoti ya staji huandikwa kwa kufungua faili la karatasi. Alimsalimia prefe, akapewa pole mara ya pili, kisha akaenda kuliomba daftari lake la buluu, kwani darasa lilikuwa limefikia zoezi la saba.